Barua Niliyoandikishwa

Mwezi uliopita mdogo wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alinitumia picha ya karatasi kwenye simu. Ilikuwa barua aliyoiandika kwa mkono, kwa mwandiko ule wa kubembeleza ambao mwanafunzi huutumia anapomwandikia mkuu wa shule. Chini ya picha aliandika: "Dada, niangalizie makosa kabla sijaipeleka." Amechaguliwa kuwa msemaji wa pili katika timu ya mdahalo ya shule yao, na timu inakwenda kushindana wilayani.

Niliisoma mara mbili. Makosa ya lugha yalikuwa mawili tu. Kosa lenyewe lilikuwa barua yote.

Barua ile naijua kwa sababu niliwahi kuiandika mimi. Nina hakika na wewe unayesoma umewahi kuiandika, au umewahi kukaa dawati moja na aliyeiandika. Inaanza na anwani mbili, halafu "YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUTOHUDHURIA MASOMO." Kisha: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu B katika shule yako. Naomba ruhusa ya siku tatu ili nikaiwakilishe shule katika mashindano ya netiboli. Naahidi kufidia masomo yote yatakayonipita. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litakubaliwa." Kisha jina, sahihi, na nafasi ya sahihi ya mzazi.

Maneno hayo sikuyatunga mimi. Mwalimu wa michezo alitusimamisha chini ya mwembe, wachezaji tisa, akatusomea sentensi moja moja nasi tukaandika. Tulikuwa tunaandika imla ya ombi letu wenyewe.

Nataka kusema jambo moja katika makala hii na nilifafanue vizuri: mwanafunzi anayetumwa na shule kushindana hapaswi kuiomba shule ruhusa. Shule ndiyo inayomwomba yeye muda wake, na shule ndiyo inayopaswa kuandika barua, kutaja inachokichukua, na kuahidi namna itakavyokirudisha. Kugeuza upande wa barua ile si suala la adabu wala la karatasi. Ndiko kunakoamua nani atabeba hasara.

Tazama nani anaomba nini. Sikuamka siku moja nikamwambia mwalimu kwamba nataka kwenda wilayani. Shule ililipa mchango wa UMISSETA, shule ikapanga mazoezi kila jioni saa kumi, shule ikatuchagua. Jezi zilikuwa na jina la shule. Tuliposhinda wilayani, kombe lilipelekwa kwenye kabati la vioo ofisini kwa mkuu wa shule, na hata leo nina hakika liko pale, kwa sababu makombe ya shule hayatoki kabatini. Kila hatua mtendaji alikuwa shule. Ilipofika kwenye sentensi inayosema nani atafidia masomo, ghafla mtendaji akawa mimi: "Naahidi kufidia."

Mlinganishe na mwalimu wetu wa michezo. Yeye pia alikosa vipindi. Alikuwa anafundisha jiografia mikondo mitatu, na siku alizokuwa nasi mikondo hiyo ilikaa bila mwalimu. Lakini hakuandika barua ya kuahidi kufidia chochote. Alipewa barua yenye mhuri wa shule, iliyosema anasafiri kikazi, na akalipwa posho. Simwonei wivu posho yake, maana ilikuwa ndogo na sehemu yake aliitumia kutununulia maji. Ninachosema ni kwamba watu wawili walipanda gari moja, kwa kazi moja, kwa amri ya ofisi moja. Mmoja alikwenda kikazi na mwingine alikwenda kwa hisani.

Sasa tuhesabu, kwa sababu watetezi wa michezo mashuleni huwa hawapendi kuhesabu, na wapinzani wao huhesabu vibaya.

Barua yangu iliomba siku tatu. Hizo zilikuwa za mashindano ya wilaya, katikati ya Mei. Lakini mashindano haya yanapanda ngazi kwa ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Wilayani tulicheza kama shule. Baada ya pale, walimu walichagua wachezaji bora wa shule zote wakaunda timu ya wilaya, na timu hiyo ikaingia kambini kujiandaa kwa mashindano ya mkoa. Wawili wa shule yetu tulichaguliwa: mimi, na mlinzi wa goli ambaye alikuwa bora kuliko sisi wote. Kambi na michezo ya mkoa vilichukua wiki mbili. Hakuna aliyeandika barua ya pili. Ruhusa ya siku tatu ilijirefusha yenyewe, kama deni la dukani ambalo kila ukirudi unaambiwa, "chukua tu, tutaandika."

Hapa kuna jambo ambalo barua haiwezi kulisema kwa jinsi ilivyoandikwa. Ruhusa ya mashindano haina tarehe ya mwisho. Ukishindwa, unarudi darasani kesho yake. Ukishinda, unakosa zaidi. Mwanafunzi anaomba siku tatu bila kujua kama anaomba tatu au kumi na tatu, na kadiri anavyoifaa zaidi shule ndivyo deni lake la masomo linavyokua.

Katika shule yetu siku ilikuwa na vipindi 8 vya dakika 40. Siku 3 za wilaya na siku 8 za masomo ndani ya zile wiki mbili ni siku 11. Hiyo ni vipindi 88. Siku mbili za mwisho za wiki ya pili hazikuwa za masomo bali za mitihani ya muhula, na nitazirudia.

Vipindi 88 vinatisha, na hapa ndipo mwalimu wa taaluma husema: "Umeona?" Lakini idadi hii peke yake inadanganya, kwa sababu vipindi havipotei kwa namna moja. Nilipata miaka kadhaa ya kulifikiria hili, na sasa ninavigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vipindi ambavyo hasara yake hufidiwa na daftari la rafiki. Historia ilikuwa hivyo kwangu, na uraia, na sehemu kubwa ya baiolojia. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni nasi tunanakili. Nilikaa Jumapili mbili na daftari la jirani yangu nikamaliza. Kwa kweli nililipata somo karibu sawa na waliokuwepo, jambo linalosema kitu kuhusu ufundishaji huo, lakini hiyo ni makala nyingine.

Fungu la pili ni vipindi vilivyofungamana kama mnyororo. Nilikosa vipindi 13 vya hisabati, na ndani yake ilipita mada ya duara. Nilinakili kanuni zote. Niliporudi baada ya likizo, darasa liliingia mada ya dunia kama tufe, ambako unatafuta umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja. Kanuni yake ni ile ya urefu wa tao la duara, ila nusukipenyo cha duara la latitudo ni kidogo kuliko cha dunia, kwa hiyo unazidisha kwa kosaini ya latitudo. Aliyekaa kwenye mada ya duara aliliona hilo mara moja, kwa sababu alikuwa ameshakata matao kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa na kanuni kwenye karatasi bila kujua ilitoka wapi. Kila mara nilisahau kosaini. Miji iliyo karibu na ncha ya dunia niliiweka mbali kama iliyo kwenye ikweta, na sikuwa na njia ya kushtuka kwamba jibu si sahihi. Hivi ndivyo unavyomtambua mwanafunzi aliyefidia kwa kunakili: hakosi kanuni, anakosa uwezo wa kuona kwamba jibu lake haliwezekani.

Fungu la tatu ni vipindi visivyonakilika kabisa. Wiki ya kwanza ya kambi, darasa langu liliingia maabara ya kemia kwa zoezi la asidi na besi. Unavuta besi kwa pipeti, sentimita za ujazo 25, unaiweka kwenye chupa, unatia matone mawili ya kiashiria, kisha unafungua bureti asidi idondoke huku mkono mwingine unazungusha chupa. Rangi ya manjano inakaa, inakaa, halafu tone moja linaigeuza. Ukipitisha tone hilo, umeharibu. Unarudia hadi vipimo vyako vipatane. Rafiki yangu aliniachia jedwali lake la vipimo, nami nikalinakili kwa uaminifu mkubwa. Nilinakili vidole vya mtu mwingine. Mara yangu ya kwanza kushika bureti ilikuwa kidato cha nne, wenzangu wakiwa mara ya tatu, na mkono wangu uliifungua koki yote asidi ikamwagika kama bomba la uani.

Kwa hiyo anayesema "atafidia tu" amesema kweli kwa fungu la kwanza, nusu kweli kwa la pili, na uongo kwa la tatu. Na anayesema "vipindi 88, haiwezekani" amechanganya vyote katika kapu moja. Barua ile ya imla inawaruhusu wote wawili kuendelea hivyo, kwa sababu hakuna mahali inapotaja somo hata moja. "Masomo yote yatakayonipita." Yapi? Hakuna anayejua, na asiyejua alichochukua hawezi kukirudisha.

Nilisema nitazirudia zile siku mbili za mitihani. Mitihani ya muhula ilianza Alhamisi tukiwa bado mkoani. Tulikosa fizikia na kemia, tukarudi Jumamosi, tukafanya masomo saba yaliyobaki wiki iliyofuata. Kwenye ripoti, kwenye mistari ya fizikia na kemia, iliandikwa ABS, yaani hakuwepo. Si kitu. Hatukuwepo kweli.

Tatizo lilikuwa mstari wa chini, wenye jumla, wastani na nafasi. Mimi nilipata jumla ya alama 434 katika masomo saba. Gawanya kwa 7 unapata 62. Lakini fomu ya ripoti ilikuwa inagawanya kwa 9 kwa kila mwanafunzi, kwa sababu masomo yalikuwa 9. Wastani wangu ukawa 48. Hakuna mwalimu aliyeamua kuniadhibu. Hesabu iliniadhibu yenyewe, kwa kuyasoma maneno "hakuwepo" kama "amepata sifuri." Nilishuka kutoka nafasi ya 9 hadi ya 51, na chini mwalimu wa darasa aliandika, kama anavyoandika kwenye ripoti zote za walioshuka: "Ameshuka, apunguze michezo." Ripoti hiyohiyo ilikuwa na mhuri wa shule iliyonipeleka mchezoni.

Baba aliisoma akiwa amesimama. Hakufoka. Alisema tu, "Basi, mama, mpira umetosha," na kwa baba yangu neno "basi" halina rufaa. Nilimwonyesha zile ABS mbili. Akaniuliza, "Nani alikwambia uondoke?" Nikamwambia shule. Akaniambia, "Mbona hapa uliomba wewe?" Alikuwa na nakala ya barua, yenye sahihi yake, na mwandiko ulikuwa wangu.

Hata hivyo mimi si mfano mbaya. Mfano mbaya ni yule mlinzi wa goli.

Yeye hakuwa mwanafunzi wa juu. Wastani wake wa kawaida ulikuwa kwenye 47. Katika masomo saba aliyoyafanya alipata jumla ya 329, yaani 47 ileile, na kwa mtu aliyekosa vipindi 88 huko si kushuka hata kidogo. Lakini 329 ukigawanya kwa 9 unapata chini ya 37. Mwaka uliofuata shule ilikuja na utaratibu mpya, na ulitangazwa mstarini kama jambo la busara: hakuna ruhusa ya michezo kwa mwanafunzi mwenye wastani chini ya 45, ili wale dhaifu wabaki wasome. Walipofungua rekodi zake wakakuta 37. Wakamwambia kwa upole kwamba hafai kupewa ruhusa. Wastani uliomnyima ruhusa ulikuwa umeharibiwa na ruhusa.

Sikuona mtu yeyote akiliona hilo. Yeye mwenyewe hakuliona, aliamini tu kwamba ni mzito wa kichwa. Nilikuja kupiga hesabu ile miaka mingi baadaye, nikiwa chuo, nilipokuta ripoti yangu ya zamani kwenye sanduku nikashangaa kwa nini 434 haizai 62. Nilimpigia simu. Alicheka, akasema, "Achana nayo, ndugu yangu, ilishapita." Sikujua niseme nini. Alikuwa mlinzi ambaye mpira wa juu haukumpita, na aliacha kucheza akiwa na miaka kumi na saba kwa sababu ya kugawanya kwa 9.

Kuna watakaosema suluhisho ni rahisi: masomo kwanza, michezo ife. Nchi yetu ilishajaribu jibu hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa waziri wa elimu, mashindano ya shule yalisitishwa kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda. Katika kipindi cha Rais Kikwete yakarudishwa. Tunaokumbuka au tuliosimuliwa tunajua kilichopotea, na malalamiko kwamba timu za taifa zilikosa chimbuko yanarudiwa hadi leo. Mimi sitaki turudi huko. Lakini nakiri kwamba waliofuta walikuwa wameona kitu cha kweli: muda ulikuwa unapotea. Walichokosea ni kudhani muda unapotezwa na mpira. Unapotezwa na shule inayompeleka mtoto mpirani na kukataa kuandika mahali popote kwamba imempeleka.

Hoja nzito zaidi niliisikia kwa mwalimu wa kemia, na siwezi kuipuuza. Nilipomwomba anirudishie lile zoezi la maabara aliniambia, "Binti, nina wanafunzi sitini na kitu kwenye mkondo mmoja. Asidi niliyopewa ni ya muhula mzima. Nikikurudia wewe, na wa kwaya naye atakuja, na wa skauti naye." Alikuwa sahihi. Mwalimu mmoja hawezi kuendesha darasa la pili la watu wawili kila timu inaposafiri, na ukimdai hivyo ataichukia timu, kisha ataanza kuwachukia wachezaji.

Lakini shule yetu ilikuwa na mikondo mitatu, A, B na C, na zoezi lile lilifanywa na kila mkondo kwa wiki yake, kwa sababu maabara ilikuwa moja. Mkondo C walilifanya baada ya sisi kurudi likizo. Vifaa vilikuwa mezani, asidi ilikuwa imeshachanganywa, mwalimu alikuwa amesimama palepale. Wawili sisi tungeweza kuingia na mkondo C kwa vipindi viwili, tukashiriki bureti na kundi lolote. Isingegharimu chochote isipokuwa mtu mmoja kutazama ratiba na kusema. Hakuna aliyesema, kwa sababu kufidia ilikuwa ahadi yangu, na mimi sikuwa na ratiba ya mkondo C.

Nadhani mengi ya haya yako hivyo. Hayahitaji fedha wala walimu wa ziada. Yanahitaji mwenye ratiba ndiye awe mwenye deni. Mwalimu wa taaluma ana azimio la kazi la kila somo. Kwa nusu saa anaweza kuona kwamba wiki hizo mbili hisabati watakuwa kwenye duara na kemia watakuwa maabara. Mwanafunzi hawezi kuliona hilo hata akiahidi mara mia.

Kuna mahali ninapokubali kukataa. Mwanafunzi wa kidato cha nne, ikishafika miezi ya mtihani wa majaribio na mazoezi ya maabara ya mwisho, asichukuliwe kambini kwa wiki mbili, hata kama ndiye mfungaji bora wa mkoa. Wakati huo hakuna mkondo C wa kumngojea, na Novemba mtihani wa taifa hauna ABS inayosameheka. Lakini aambiwe hivyo Januari, kabla hajakimbia jioni mia moja kuzunguka uwanja, asiambiwe siku gari limewasha injini.

Baada ya kuyafikiria hayo yote sikumrekebishia mdogo wangu makosa mawili ya lugha. Nilimpigia kwanza nikamuuliza mdahalo wenyewe ni wa siku ngapi. "Siku moja, dada." Nikamuuliza maandalizi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wanatolewa darasani kila siku vipindi viwili vya mwisho, kwa wiki tatu. Nikamwambia apige hesabu. Siku 15 kwa vipindi 2 ni 30, na siku ya mdahalo 8. Barua yake iliomba siku moja na shule ilikuwa inachukua karibu wiki nzima. Nikamuuliza vipindi viwili vya mwisho ni vya nini. Akasema Jumatatu na Jumatano ni hisabati. "Mko mada gani?" Akajibu, "Ndiyo tunaanza duara."

Nilikaa chini nikamwandikia barua nyingine. Ilianza na anwani ya shule, si yake:

"Kwa mwanafunzi na mzazi wake. Shule imemchagua mwanao aiwakilishe katika mdahalo wa wilaya. Kwa kazi hiyo shule itachukua vipindi 38, kati yake 12 vya hisabati. Mada atakayoikosa ni duara. Mwalimu wa taaluma ataonana na mwalimu wa hisabati ili maandalizi ya Jumatatu na Jumatano yahamishiwe baada ya masomo, na ikishindikana, mwanafunzi ataketi na mkondo mwingine utakaofika mada hiyo baadaye. Jaribio lolote litakalofanyika akiwa hayupo atalifanya ndani ya wiki moja baada ya kurudi, na asipolifanya, halitahesabiwa katika wastani wake. Timu ikivuka kwenda mkoani, shule itaandika barua nyingine yenye hesabu nyingine kabla hajasafiri. Mzazi anayo haki ya kukataa."

Chini niliacha nafasi ya sahihi tatu: mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, na mwalimu wa mdahalo. Ya mwanafunzi sikuiweka.

Aliipeleka kwa mwalimu wake wa mdahalo, akiwa na ile yake ya zamani mfukoni endapo mambo yataharibika. Jioni alinisimulia. Mwalimu aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Hii mbona siyo barua ya mwanafunzi? Hii ni barua ya shule."

Mdogo wangu akamjibu, "Ndiyo, mwalimu. Shikamoo, dada amesema niilete isainiwe."

Haikusainiwa. Mwalimu alimwambia hana mamlaka ya kusaini barua ambayo mkuu hajaiandika, na nadhani alisema kweli. Lakini aliibaki nayo. Wiki iliyofuata mazoezi ya Jumatatu na Jumatano yalihamishiwa saa tisa na nusu, baada ya masomo, bila tangazo wala maelezo. Mdogo wangu yuko darasani anakata matao ya duara. Ile barua yake ya kwanza, yenye "naomba" na "naahidi," ndiyo iliyopigwa mhuri na kuwekwa kwenye faili. Kwa hiyo timu ikishinda, na siku zikaanza kujirefusha, kwenye faili itasomeka kwamba aliyeomba ni yeye.